Keki ya Harusi Huanzia Kwenye Ratiba

Katika vikao vingi vya kamati za harusi jijini Dar es Salaam, ajenda ya keki hufunguliwa kwa simu inayopitishwa mkono kwa mkono. Ndani ya simu kuna picha: keki nyeupe ya ghorofa tano, maua ubavuni, na majina ya maharusi yameandikwa kwa rangi ya dhahabu. Mwenyekiti anauliza bei. Mtunza hazina anashtuka na kupunguza ghorofa moja. Wajumbe wanaafiki, kikao kinahamia kwenye vinywaji.

Katika mazungumzo yote hayo hakuna aliyeuliza keki itakatwa saa ngapi. Mimi naamini hilo ndilo swali la kwanza, kwa kuwa majibu mengine yote yanatoka humo. Ukijua saa ya kukata, unajua keki itasimama ukumbini kwa muda gani, na hapo ndipo unapoamua ipakwe nini. Unajua ifike lini, nani atakuwa tayari kuipokea, na kama kutakuwa na muda wa kuigawa kabla ya wageni kuanza kutafuta funguo za magari yao. Picha inaweza kusubiri.

Tuchukue harusi moja ya mfano na tuifuate mpaka mwisho. Ni Jumamosi, sherehe ipo kwenye ukumbi wa Mbezi Beach, na mama anayetengeneza keki anaishi Tabata. Wageni wameandikiwa saa 12 jioni. Kamati, ambayo inawajua ndugu zake, inategemea ukumbi kujaa saa 1 usiku na maharusi kuingia saa 1:45. Baada ya sala na kukaa kwa maharusi utafuata ufunguzi wa shampeni, kisha keki. Kwa hiyo wameandika: kukata keki, saa 2:30 usiku.

Kamati imechapisha kadi 180, na mara nyingi namba hiyo ndiyo anayopelekewa mpishi: watu 180. Lakini kadi 120 kati ya hizo ni za watu wawili na 60 ni za mtu mmoja, kwa hiyo wanaotarajiwa ni 300. Halafu kuna wasio na kadi ambao watakuwa ukumbini usiku kucha: mshereheshaji, wapiga picha, wapiga muziki, wapambaji, wahudumu wa chakula. Wakadirie 25. Mpishi aambiwe watu 325, tena aambiwe vichwa, asiambiwe kadi.

Sasa ukubwa. Wapishi wengi wa keki za harusi huhesabu kipande kimoja kuwa na upana wa inchi 1, urefu wa inchi 2, na kimo chote cha ghorofa, ambacho huwa kama inchi 4. Kwa kipimo hicho, keki ya duara ya inchi 12 hutoa vipande 56. Ya inchi 10 hutoa 38, ya inchi 8 hutoa 24, na ya inchi 6 hutoa 12 tu. Ziangalie vizuri namba hizo. Keki ya inchi 12 inaonekana kama ni mara mbili ya ile ya inchi 6, lakini inalisha watu zaidi ya mara nne, kwa kuwa duara likiongezeka upana linakua pande zote kwa pamoja. Ndiyo maana kujadiliana bei kwa kuhesabu ghorofa hakuna maana kubwa. Ukiondoa ghorofa ya juu ya inchi 6, umewanyima keki watu 12. Ukipunguza ile ya chini kutoka inchi 12 hadi 10, umewanyima 18, na kwenye picha huenda asiwepo atakayegundua tofauti.

Kamati yetu ya mfano inachagua ghorofa tatu: inchi 12 chini, 10 katikati na 8 juu. Jumla ni vipande 118. Kwenye kumbi zetu, ambako keki huzungushwa kwenye sinia vikiwa vipande vidogo vya kuonja, kila kipande hugawanywa tena mara mbili, palepale penye krimu ya ndani. Tunapata 236. Watu ni 325. Bado haitoshi.

Hapa watu wengi huongeza ghorofa ya nne na ya tano, na gharama inaruka. Ipo njia nyepesi zaidi, nayo ni keki ya jikoni. Huyu huyu mama wa Tabata anaoka keki nyingine ya mraba, inchi 12 kwa 12, yenye ladha ileile na krimu ileile, bila maua wala nakshi. Hiyo inatoa vipande 72, vikigawanywa ni 144. Jumla yote inakuwa vipande 380, ziada ya 55, na ziada hiyo itahitajika: kuna vitakavyomeguka, kuna ukingo ambao maharusi wataukata, na kuna watoto watakaorudi mara ya pili. Sehemu kubwa ya bei ya keki ya harusi ni kazi ya mikono ya mapambo, ndiyo maana keki ya jikoni hugharimu kidogo ukilinganisha na idadi ya watu inaowalisha. Faida yake nyingine inahusu muda, na nitaifikia.

Wanaotamani urefu wa ile picha bila kulipia keki yote wana ghorofa za bandia. Hizi hutengenezwa kwa povu gumu jeupe, lile linalokinga televisheni ndani ya boksi, kisha hupakwa na kupambwa sawasawa na keki halisi. Sioni aibu yoyote ndani yake. Tatizo huja pale ambapo mpishi ndiye anayejua peke yake ghorofa ipi ni bandia. Maharusi wanasimama, muziki unapanda, kisu kinashuka na kukwama kwenye povu mbele ya kamera. Wanaosukuma kwa nguvu huhatarisha kuiangusha keki nzima. Kama utaagiza ghorofa za bandia, sharti moja liandikwe kwenye makubaliano: ghorofa ya chini, ambayo maharusi hukata, iwe ya kuliwa. Kama haiwezekani, basi mpishi aweke kipande cha keki halisi kwenye upande mmoja wa ile bandia, akitie alama ya utepe au ua dogo, na mshereheshaji aoneshwe alama hiyo kabla ya wageni kuingia.

Turudi kwenye saa 2:30. Keki ikishapangwa mezani saa 11:15 jioni, itasimama saa tatu na robo kabla ya kukatwa. Huo si muda mrefu kwa Arusha au Njombe mwezi Julai. Kwa Dar es Salaam mwezi Januari au Februari, wakati joto la mchana linapita nyuzi 31 na hewa imejaa unyevu, ni muda wa kutosha kuiharibu. Siagi halisi huanza kulainika mapema na kwenye nyuzi 32 hivi huwa inaelekea kuyeyuka, kwa hiyo krimu iliyopigwa kwa siagi tupu hushuka taratibu, kona zinakuwa butu na maua ya krimu yanateleza. Majarini na mafuta meupe ya kupikia hustahimili zaidi, ndiyo maana wapishi wa Pwani huyachanganya, ingawa ladha yake si tamu kama ya siagi. Krimu nyepesi ya maziwa inayopigwa mpaka kuumuka ndiyo dhaifu kuliko zote. Ni tamu, haichoshi, lakini bila baridi haifiki saa 2:30. Hiyo iache kwa keki ya jikoni, ambayo inaweza kukaa ndani ya friji mpaka dakika ya mwisho.

Fondanti, ule unga wa sukari unaokandwa na kusukumwa kama chapati kisha kutandazwa juu ya keki, huvumilia joto vizuri zaidi. Adui yake ni unyevu. Keki ya fondanti ikitolewa kwenye friji na kuwekwa wazi kwenye hewa ya Pwani, hutoa jasho. Maji ya hewani hugandia kwenye uso wake wa baridi, sukari inaanza kunata, rangi nyeusi na nyekundu zinachuruzika kwenye nyeupe. Dawa yake ni ndogo na haigharimu kitu: keki ibaki ndani ya boksi lililofungwa mpaka baridi iishe, ili maji yagandie kwenye boksi. Mjumbe wa kamati anayefungua boksi mapema ili awaoneshe wenzake ndiye chanzo cha jasho hilo.

Kiyoyozi cha ukumbi nacho kiulizwe mapema. Kumbi nyingi hukiwasha wageni wanapoanza kuingia ili kuokoa umeme. Kwa harusi yetu, kamati inapaswa kukubaliana na meneja kiwashwe kuanzia saa 10 jioni, angalau upande wa jukwaa, na waulize jenereta huchukua muda gani kuwaka umeme ukikatika. Kama sherehe ni ya bustanini kando ya bahari, keki isitolewe nje kabla jua halijazama, na kwa Dar es Salaam hilo ni kati ya saa 12:15 na saa 12:45 jioni kutegemea mwezi. Wenzetu wa Kenya, ambao mara nyingi hukata keki alasiri chini ya hema, wana kazi ngumu zaidi: kwao kivuli, upepo na vumbi ni sehemu ya oda yenyewe.

Safari ya kutoka Tabata hadi Mbezi Beach hupita Barabara ya Mandela, Ubungo, Sam Nujoma, Mwenge, kisha Barabara ya Bagamoyo. Jumamosi mchana hakuna anayeweza kuapa itachukua muda gani. Ndiyo maana hesabu hufanywa kurudi nyuma. Wageni ni saa 12. Keki iwe imesimama saa 11:15, ili kubaki na robo tatu ya saa ya kurekebisha ufa au ua lililovunjika. Kuzipandisha ghorofa, kuziba maungio na kupachika maua huchukua karibu saa nzima, kwa hiyo mpishi afike ukumbini saa 10:15. Atoke Tabata saa 9 alasiri. Akitoka saa 6 mchana kwa kuhofia foleni, ataiweka keki kwenye ukumbi wenye joto kwa saa za ziada ambazo haikuandaliwa kuzimudu.

Keki ya ghorofa tatu husafiri ikiwa vipande, kila ghorofa kwenye boksi lake. Mahali pake ni sakafu bapa ya buti la gari, juu ya ule mpira unaozuia zulia kuteleza. Kiti cha gari kina mteremko, na mapaja ya shangazi yana mteremko zaidi. Kiyoyozi cha gari kiwashwe kabla keki haijaingia.

Kosa linaloudhi kuliko yote hutokea pale mlangoni. Mpishi anafika kwa wakati, lakini meza ya keki bado ni mbao tupu, na mpambaji yupo juu ya ngazi anafunga vitambaa. Maboksi yanawekwa sakafuni karibu na jiko la wapishi wa chakula, palipo na joto kuliko mahali pengine popote pale ukumbini. Kwa hiyo saa 10:15 haimhusu mpishi peke yake. Mpambaji naye aandikiwe kwamba meza ya keki ndiyo ya kwanza kukamilika, iwe imara isiyotikisika, imekaa mbali na mlango wa jikoni na spika, na iwe mahali ambapo haitahamishwa tena. Keki ya ukubwa huu inaweza kuzidi kilo 15, na kuiburuta pamoja na meza yake ni kuitafutia kifo. Kamati iteue mtu mmoja wa kuipokea, mwenye simu iliyo na chaji, ambaye hatakuwa saluni wala kanisani saa hiyo. Ndugu wa karibu wa maharusi hawafai kwa kazi hii. Mtafuteni jirani au mfanyakazi mwenzao aliye mtulivu.

Sasa ratiba yenyewe. Mstari unaosema tu «Saa 2:30: Keki» ni mstari usiojitosheleza, kwa sababu maharusi huchelewa. Wamekwenda kupiga picha ufukweni, shela imenasa, foleni ya Mwenge haisogei. Saa 2:30 inapita na mshereheshaji anaamua peke yake cha kusogeza. Njia bora ni kukifunga kitendo kwenye kitendo kingine, kisha kukiwekea ukomo. Kamati yetu inaandika hivi: «Kukata keki mara baada ya shampeni, kabla ya utambulisho na chakula. Saa 2:30, isipite saa 3:00.» Maana yake, maharusi wakichelewa, utambulisho wa koo ndio utakaosogezwa au kufupishwa, na keki itabaki pale ilipo.

Kuna wanaopenda keki ikatwe baada ya chakula. Mimi sikubaliani nao kwa harusi za usiku. Baada ya kula, watu wanasambaa, wazee wanaanza kuaga, na vyombo vya jikoni vimejaa. Keki ikikatwa kabla, wahudumu wanapata saa nzima ya kuishusha na kuipanga kwenye sinia wakati wageni wakiwa kwenye foleni ya chakula.

Kitendo chenyewe kipewe dakika 20. Maharusi kusogea na kupigwa picha, kukata, kulishana, kisha bibi harusi kuwapelekea wakwe zake na bwana harusi kwenda kwa wa kwake. Panapofuatwa desturi ya bibi harusi kupiga magoti, gauni lake linahitaji msimamizi wa kulikusanya, na hilo tu huchukua dakika kadhaa kwa kila familia. Kama upande mmoja ni wa Kilimanjaro na kutakuwa na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa ambaye naye huletwa kwa shangwe na kukatwa na maharusi, apewe nafasi yake mwenyewe kwenye ratiba. Ndafu na keki zikifuatana bila pumzi, moja inaimeza nyingine. Kamati yetu imeiweka ndafu mwanzoni mwa chakula, ambako nyama inaweza kugawiwa ikiwa bado ya moto.

Chini ya mstari huo wa ratiba yaandikwe majina. Nani ameshika kisu na kitambaa cha kukifutia. Nani anawaita wazazi. Wapiga picha wasimame upande gani, ili wasiwazibe wazazi. Wimbo gani, na uanze neno lipi la mshereheshaji likitoka. Kisu kisichokuwepo mezani ni kisa cha kawaida kabisa, na mara nyingi mwishowe huletwa kile cha jikoni kilichokuwa kwenye kitunguu.

Maharusi waoneshwe pia wakate kiasi gani. Ghorofa za juu hazikalii keki iliyo chini yake. Zinakalia vijiti vilivyopigwa ndani ya ghorofa ya chini na kukatwa kimo sawa nayo, na juu ya vijiti kuna kibao chembamba. Keki ya inchi 10 ikikaa katikati ya ile ya inchi 12, ukingo unaobaki ni inchi 1 kila upande, na baada ya hapo vijiti viko karibu. Kwa hiyo kipande cha maharusi ni chembamba, cha ukingoni tu. Kisu kikienda ndani zaidi kitagonga kijiti, na kijiti kikihama, ghorofa mbili zinaegemea upande mmoja. Mpishi anaweza kuchanja alama mbili ndogo nyuma ya ua, na maharusi wakaoneshwa wakati wa kupiga picha za kwanza.

Hapo ndipo keki ya jikoni inapotimiza kazi yake. Imeshakatwa na kupangwa kwenye sinia tangu saa 2. Maharusi wanapolishana, sinia za kwanza zinatoka, na mgeni hahitaji kusubiri keki kubwa ishushwe. Keki kubwa inapelekwa nyuma taratibu, ghorofa ya juu ikitolewa kwanza. Kazi hii afanye mpishi mwenyewe au mtu aliyefundishwa naye, na anayeshusha awe na karatasi yenye idadi ya vijiti na vibao. Kwa harusi yetu tuseme ni vijiti 7 kwenye ghorofa ya chini na 5 kwenye ya kati. Vikipatikana 11, ugawaji unasimama mpaka cha 12 kionekane, maana cha 12 kinaweza kuwa ndani ya kipande cha mtu.

Mpishi hawezi kutimiza haya yote akiambiwa Alhamisi. Keki ya Jumamosi mara nyingi huokwa Jumatano au Alhamisi, hujazwa na kupakwa Ijumaa. Kwa hiyo oda iwekwe wiki sita kabla, pamoja na malipo ya awali, na kuonja kufanyike mapema. Idadi ya mwisho ya watu ifungwe wiki mbili kabla. Anayetaka keki ya matunda aanze mapema zaidi, kwa kuwa hiyo huwa bora ikikaa. Na kwa kuwa ni nzito na haimeguki ovyo, ni chaguo zuri la ghorofa ya chini hata kama zile za juu ni za vanila au chokoleti.

Zimebaki keki za wazazi. Hizi ni mbili ndogo, za inchi 8, moja kwa kila upande, na hazimo kwenye hesabu ya vipande 380. Zifike zikiwa ndani ya maboksi yenye majina ya familia, zihifadhiwe kwenye chumba kinachofungwa, na zikabidhiwe mbele ya wageni mara tu baada ya wazazi kulishwa. Baada ya makabidhiano zirudi chumbani. Zikiachwa juu ya meza za wazazi, wahudumu huzichukulia kuwa za kugawa, na kesho yake upande mmoja unarudi nyumbani mikono mitupu na hakuna anayeweza kueleza. Mtu yuleyule aliyeipokea keki saa 10:15 ndiye aziingize kwenye magari mawili anayoyajua namba zake, na ndiye atakayemrudishia mama wa Tabata stendi na vibao vyake Jumatatu, ili kamati irejeshewe dhamana yake.